Maziwa Yanayokawia

Kuna utulivu unaoingia katika chumba cha jibini baada ya dawa ya kugandisha kumiminwa. Mashine ya kukoroga huzimwa, mlango hufungwa, na wafanyakazi huacha kuburuta ndoo. Maziwa yaliyokuwa yakizunguka ndani ya beseni refu la chuma huachwa peke yake. Ukiyatazama huoni kinachotokea. Uso wake unabaki uleule, mweupe, wenye mng'ao hafifu wa taa za darini, na mvuke unapanda polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Kisha, bila kishindo wala ishara, yanakuwa si maji tena.

Mwanamke aliyesimamia beseni hilo aliupenda muda huo kuliko muda mwingine wowote wa kazi. Alisimama kando, mikono nyuma, kofia ya plastiki imefunika nywele zake, akangoja. Alikuwa na miaka arobaini na minne, kimo cha kawaida, na mabega yaliyofanya koti la kiwanda limbane mgongoni. Wenzake walimwita Bi Kimya. Jina hilo hakulipata kiwandani. Alilipata kwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma, ambako wengine hunguruma, hupiga mapaja yao makofi na kujitukana wenyewe ili wapandishe hasira, na yeye huinama, hushika chuma, hushusha pumzi, huinuka. Basi. Siku moja dereva wa lori la maziwa alipita kule kumtafuta rafiki yake, akalisikia jina, akalibeba hadi kiwandani kama mtu anavyobeba harufu ya moshi kwenye nguo.

Alianza vyuma kwa sababu ya mgongo. Baada ya mtoto wa pili, kreti za kiwandani zilimshinda, na mtaalamu wa viungo katika zahanati akamwambia kwamba mgongo wake hauumi kwa sababu ya kazi bali ya udhaifu. Neno hilo lilimuudhi. Alikwenda ukumbini akiwa na nia ya kumthibitisha yule mtaalamu kuwa mwongo, na Kocha, mwanamume mfupi mwenye mvi ambaye asubuhi alikuwa fundi umeme, akampa chuma kitupu bila uzito wowote. Alikiinua kutoka sakafuni. Kitu ndani yake kikasogea mahali pake, kama mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu na sasa umepata bawaba. Hakuacha tena.

Miaka ikapita. Mgongo ukanyamaza. Chuma kikaongezewa sahani za uzito, kidogo kidogo, hadi ikafika siku ambayo Kocha alikaa kwenye benchi akitazama sahani zilizokuwa mbele ya Bi Kimya na kusema, kwa sauti ya mtu anayewaza tu, kwamba kule kwenye majaribio ya timu ya taifa ya wanawake waliopita arobaini, anayevuta kilo mia na thelathini husafiri na timu.

"Na hapo nimevuta ngapi?" aliuliza.

"Mia na thelathini na mbili na nusu," alisema Kocha. "Lakini hapa ukumbini hakuna anayekuhesabia, dada yangu. Hapa unavuta mbele yangu na mbele ya paka."

Tangu siku hiyo alianza kuiona safari ile katika vipande: dirisha la ndege, jezi yenye rangi za nchi, chumba cha hoteli chenye shuka zilizotandikwa na mtu mwingine. Alikuwa hajawahi kusafiri mbali kiasi cha kulazimika kufunga sanduku. Mumewe, seremala wa milango na madirisha, mtu wa maneno mengi kwa niaba ya wote wawili, alimuuliza kama timu inabeba na waume.

"Inabeba wanaoweza kuvuta," alisema.

"Mimi navuta shuka kila asubuhi, unaniachia kipande cha kufunika goti."

Lakini walikubaliana jambo moja, na hilo hawakulifanyia mzaha. Goti la kushoto la mke lilikuwa limeanza kuvimba baada ya mazoezi mazito. Angejaribu mwaka huu. Majaribio yalikuwa mawili, moja mwanzoni na moja mwishoni mwa msimu. Asipopata, angebaki na chuma chepesi cha kulinda mgongo, na mambo ya timu yangeishia hapo.

*

Mzee wa Makopo alikuwa na duka lake mlango wa pili kutoka ukumbini. Lilikuwa duka jembamba lenye makopo makubwa ya unga wa protini hadi darini, na picha za watu wenye misuli waliokaa kimya wakitabasamu kama waliomezwa na jambo zuri. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye shati kubwa, na aliongea juu ya protini kwa upole wa mtu anayeelezea hali ya hewa.

Yeye ndiye aliyemwambia kuhusu kaseini. Maziwa, alisema, yana protini za aina mbili. Sehemu nne kati ya tano ni kaseini, na iliyobaki ni wei. Wei inapita haraka. Kaseini inakaa. "Wewe unafanya mazoezi jioni, unakula kidogo, unalala. Usiku mzima mwili unajijenga na hauna cha kujengea. Kunywa hii kabla ya kulala. Itakuwa inakuachia kidogo kidogo mpaka asubuhi."

Aliamini mara moja, kwa sababu hakuna asichokijua juu ya maziwa yanayokaa. Kila jioni, baada ya vyombo kuoshwa na nyumba kupoa, alichanganya vijiko viwili vya unga ule kwenye kikombe chenye maji machache, akakoroga hadi ukawa mzito kama rangi ya ukuta, akaunywa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kisha alilala. Na katika kulala kule alihisi, au alidhani alihisi, kitu kinachomlisha gizani, kidogo, kidogo, kama tangi la maji linalovuja tone baada ya tone kwenye bustani isiyo na mtu. Asubuhi aliamka ameshiba kwa namna isiyo ya tumbo. Alianza kukiita kikombe kile, moyoni tu, rafiki yake.

Wei aliidharau. Ukumbini palikuwa na kopo la wote, na Kocha aliwapa wanafunzi wake kikombe baada ya mazoezi, kitu chepesi chenye povu. Yeye alikinywa kwa adabu. Kiwandani, baada ya maziwa kuganda na kukatwa vipande vidogo, hutoka majimaji ya rangi ya kijani kibichi kilichopauka, na hayo ndiyo wei. Yanachujwa, yanapita kwenye bomba, yanachukuliwa na lori la wafugaji wa nguruwe. Kinachobaki, kilicho cheupe na chenye uzito mkononi, ndicho watu wanachokifungia kwenye karatasi nzuri na kukiuza. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amefundishwa, bila mtu kusema, kwamba katika maziwa kuna kinachobaki na kuna kinachoondoka. Nani angependa kujengwa na kinachoondoka?

*

Siku ya majaribio ya kwanza aliamka akiwa mwepesi na mkavu. Ili aingie kwenye kundi la uzito wake alikuwa amejinyima chakula siku nzima iliyotangulia, na maji tangu usiku. Alipanda mizani akiwa amevua hata pini za nywele. Mwanamke mwenye kalamu alitikisa kichwa kwa kukubali. Kuanzia pale, hadi aitwe jukwaani, palikuwa na saa mbili.

Kocha alikuwa amemwekea mkate wenye asali na chupa ya maji yenye chumvi kidogo, kisha akaitwa kumsaidia kijana wake mwingine aliyezidi uzito na aliyekuwa akirukaruka uani na makoti matatu mwilini. Bi Kimya aliutazama mkate. Alikuwa na njaa ya kina, njaa inayoomba kitu cha kukumbatia. Alifungua mfuko wake, akatoa chupa yake kubwa.

Alikuwa ameifikiria vizuri. Mashindano ni marefu. Kuna kusubiri, kuna kupasha mwili joto, kuna mivuto mitatu. Mkate utapita. Alitaka kitu kitakachomngojea. Akaweka vijiko vinne vya kaseini badala ya viwili, akatikisa, akanywa polepole hadi tone la mwisho. Kilishuka kizito na kitamu, na kwa muda alihisi amani. Akalala kwenye mkeka ukutani, akasikia sauti za ukumbi zikija kutoka mbali, vyuma vikianguka kama radi ya upande wa pili wa milima.

Alipoinuka kujipasha joto, tumbo halikuinuka naye. Lilibaki nyuma kidogo, kisha likafuata. Alipovaa mkanda, tundu alilolizoea halikufika. Kocha alivuta, akavuta tena, akamtazama usoni.

"Umekula nini wewe?"

"Nimekunywa tu."

Mvuto wa kwanza ulikuwa kilo mia na ishirini, uzito ambao kwa kawaida aliuinua huku akiwaza mambo mengine. Mtu anayevuta chuma hujaza tumbo pumzi, akaisukumia kwenye mkanda, na tumbo lile gumu ndilo linalosimamisha mgongo. Alivuta pumzi, na haikupata pa kukaa. Palikuwa na mpangaji. Alipokaza, maziwa yalipanda hadi kooni, akakumbuka kumeza badala ya kuvuta, na chuma kikapita magoti na kusimama hapo. Mara ya pili hakikufika hata magotini. Mara ya tatu jasho baridi lilimtoka kabla hajakigusa, na akashuka jukwaani mwenyewe, mkono mdomoni, akipita katikati ya watu waliompisha kwa heshima ya kutisha.

Chooni alitapika. Hakuangalia alichotapika. Alinawa uso, akajitazama kwenye kioo, akaona mwanamke wa miaka arobaini na minne.

*

Wiki zilizofuata hakwenda ukumbini. Alimwambia mumewe kwamba mwili umesema.

"Umesemaje?" aliuliza mume. Alikuwa akipiga msasa mguu wa kiti jikoni, jambo alilokatazwa mara nyingi.

"Umesema nimezeeka."

"Mwili huohuo uliobeba mtungi wa gesi juzi hadi ghorofa ya tatu?"

"Baba watoto, niache."

Alimwacha. Lakini usiku alimsikia akigeuka kitandani, na kikombe cha kabla ya kulala hakikuwepo tena. Bi Kimya alisema hana haja ya kulisha kitu kisichojengeka.

Kazi ilimpokea kama ilivyompokea siku zote. Maziwa yalikuja, yakapashwa moto, yakawekewa dawa, mlango ukafungwa, utulivu ukashuka. Siku moja ya mawingu, mwanga wa dirishani ukiwa wa kijivu na wa polepole, alisogea kufanya alichokifanya maelfu ya mara: kuchovya kidole chenye glavu ndani ya beseni na kukiinua taratibu, kuona kama maziwa yameshika. Yakiwa tayari, yanapasuka juu ya kidole kwa mstari safi, na ndani ya ufa hujaa majimaji angavu.

Yalipasuka. Akabaki na kidole hewani.

Uzito ule. Utulivu ule wa kitu kilichokuwa maji na sasa kimesimama, kizima, hakina haraka, kinachotikisika kwa pamoja ukigonga beseni. Aliujua. Hakuwa ameujua kwa kidole. Alikuwa ameujua kutoka ndani, jukwaani, chini ya mkanda.

"Bi Kimya," aliita mwenzake aliyekuwa upande wa pili na fremu ya nyaya za kukatia, "tukate au unayaombea?"

"Kata," alisema. "Kata tu."

Nyaya zikapita, weupe ukagawanyika vipande, na majimaji yakaanza kutoka pembeni, mepesi, yakikimbia kwenda popote palipo na mteremko. Aliyatazama yakikimbia mpaka mwenzake akamuuliza kama anaumwa.

Jioni hiyo alitoa glasi mbili. Katika moja alichanganya kaseini yake na maji ya vuguvugu. Katika nyingine, wei aliyoiomba kwa Mzee wa Makopo, kipimo cha kuonja. Akakata limau, akakamulia kila glasi. Mumewe aliacha msasa akaja kusimama nyuma yake.

Glasi ya wei ilibaki kama ilivyokuwa, maji yenye ukungu. Ile ya kaseini ilitulia kidogo, kisha ikaanza kushikana, mabonge meupe yakakutana na kuzama pamoja.

"Umeiharibu," alisema mume.

"Tumboni kuna tindikali kama hii. Kali zaidi."

Mume aliinama akachungulia glasi, kisha akalitazama tumbo la mkewe, kisha glasi tena. "Na wewe ulikwenda kuvuta chuma umebeba hiki?"

"Vijiko vinne."

"Mama watoto," alisema taratibu, "ulipanda jukwaani umebeba jibini."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, hadi ikabidi akae. Mume naye alicheka, kisha akaona kwamba kicheko cha mkewe kimegeuka kilio, akamwekea mkono begani bila neno, jambo la nadra kwake.

*

Kocha alimsikiliza akiwa juu ya ngazi, akibadilisha taa ya ukumbi.

"Kwa hiyo hujazeeka," alisema.

"Nimezeeka. Lakini si hilo lililonishinda."

"Na kosa ni langu pia. Nilikuona na chupa, nikadhani ni maji." Alishuka, akafuta mikono. "Sasa nisikilize, maana naona unataka kuichukia kaseini kama ulivyoichukia wei. Usitoke kwenye kosa moja ukaingia kwenye ndugu yake."

Wakakaa kwenye benchi. Kocha hakuwa mtu wa hotuba, na alieleza huku akizungusha bisibisi mkononi. Wei ikifika tumboni haigandi, inapita, na ndani ya kama saa moja damu imeshaijaa. Saa tatu au nne baadaye imekwisha. Kaseini inaganda na tumbo linaiachia polepole, saa sita, saba. Hiyo ni kweli, na watu wameuza makopo mengi kwa kweli hiyo. Lakini misuli haijengwi kwa saa. Inajengwa kwa miezi, na unachokihesabu mwili kwanza ni jumla ya siku nzima: mayai, maharage, nyama, maziwa, kopo. Wanaokula vya kutosha, wakinywa hii au ile baada ya mazoezi, mwisho wa msimu hutaweza kuwatofautisha.

"Kwa hiyo mbona unatugawia wei?"

"Kwa sababu mkitoka hapa mna njaa, na ni nyepesi, mkifika nyumbani bado mnaweza kula. Na kwa umri wetu mimi na wewe inaamsha misuli vizuri. Ndiyo hivyo tu. Si uchawi."

"Na ya kulala?"

"Ya kulala endelea nayo. Unalala muda mrefu bila kula, na chakula chako cha jioni ni cha ndege. Pale kukawia ni faida. Faida ndogo, lakini ni yako."

Nje, gari lilipita likirudi nyuma kwa mlio wake wa kuonya.

"Tofauti yenyewe," alisema Kocha, "inakuwa kubwa wakati mmoja tu. Wakati ule kati ya mizani na jukwaa. Na pale si kwa sababu ya misuli, ni kwa sababu ya nafasi. Unahitaji tumbo lililoachiwa. Hata wei pale si kuni, dada yangu. Kuni ni mkate na asali. Maji na chumvi. Ukibaki na njaa, kikombe kidogo cha ile nyepesi, mapema. Kisha ukae na njaa kidogo. Ukubali."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Alirudi kwenye mazoezi, na kwenye kikombe cha kabla ya kulala, na ndoto zake za tangi linalovuja zikarudi. Goti lilivimba, likapoa, likavimba. Lakini mara kadhaa, siku za mazoezi mazito, Kocha alimfanyia igizo la siku ile: mkate, asali, maji, kikombe kidogo, kisha kungoja. Alijifunza njaa ile nyembamba ya kungoja, ambayo haiumi bali inakuacha wazi, kama chumba kilichotolewa fanicha ili kipigwe rangi.

*

Majaribio ya pili yalifanyika katika ukumbi mkubwa wenye viti vya mbao na mapazia mazito yaliyozuia jua. Alipanda mizani, akashuka. Alikula mkate wake vipande vidogo. Alikunywa maji yake. Akanywa robo kikombe cha wei, maji yenye ukungu, na akahisi jinsi yalivyopita tu, bila kuaga. Mfuko wake alimpa mumewe, aliyeomba ruhusa kazini na kuvaa shati la harusi.

"Na njaa?" aliuliza mume.

"Ninayo."

"Nikuletee—"

"Kaa."

Akalala kwenye mkeka, akafumba macho. Sauti za vyuma zilikuja kutoka mbali tena. Akauona weupe wa beseni, na yeye mwenyewe amesimama kando, na safari hii hakungoja maziwa yagande. Alingoja tu. Kati ya kulala na kuamka alihisi tumbo lake likiwa tupu na tambarare kama sakafu iliyofagiliwa, na joto dogo la asali likisambaa hadi kwenye vidole.

Mkanda ulifika tunduni. Kocha aligonga tu bizimu yake kwa kucha.

Kilo mia na ishirini zilipanda bila tatizo, taa tatu nyeupe za waamuzi. Kocha aliandikisha mia na thelathini kwa mvuto wa pili. Alipakaa chaki, akainama, akashika. Pumzi iliingia, ikashuka, ikapata nafasi, ikakaza pande zote. Chuma kikaondoka sakafuni. Kikapita magoti. Akasimama wima, na alikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba alikirudisha chini palepale, kabla ya mwamuzi kushusha mkono.

Taa nyekundu.

Ukumbi uliguna. Mume alisimama akauliza kwa sauti kosa ni nini, watu wakamvuta shati akae. Kocha alikuja karibu na uso wa Bi Kimya.

"Umeivuta," alisema. "Imo ndani yako. Kosa ni la kushusha tu. Mwamuzi asiposhusha mkono, wewe huna mahali pa kwenda. Umenielewa? Unakaa nayo."

"Ninakaa nayo."

Goti lilikuwa linauma sasa, maumivu mepesi kama ya mtu anayebisha mlango wa jirani. Alijua hakuna mvuto mwingine baada ya huu, leo wala mwakani. Alirudi jukwaani. Taa za juu zilikuwa nyeupe, vumbi la chaki likielea ndani yake. Akainama. Hakusikia mtu. Akavuta pumzi hadi chini kabisa, na kila mahali palikuwa pake.

Safari hii kilipanda polepole sana. Palikuwa na mahali, juu kidogo ya magoti, ambapo hakikwenda juu wala chini, na hapo alikaa kwa muda asioweza kuupima, akisukuma sakafu na miguu yake, bila sauti. Kisha kikasogea. Mapaja yakanyooka, mabega yakarudi nyuma, na akawa amesimama, kilo mia na thelathini zikining'inia mikononi mwake.

Mwamuzi alishusha mkono. "Chini."

Hakushusha. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo pazia moja lilikuwa limeachia mstari wa mwanga wa mchana. Uzito ulikuwa wote mikononi na mgongoni, na ndani yake hapakuwa na uzito wowote. Alitaka kuujua vizuri wepesi huo.

"Mama," alisema mwamuzi, sasa kwa sauti ya chini, akiinama mbele kwenye kiti chake, mkono ukiwa bado chini. "Mama, imekubalika. Shusha."

"Ngoja kidogo," alisema Bi Kimya.

Na watu waliokuwa viti vya mbele, waliomsikia akiongea jukwaani kwa mara ya kwanza, walinyamaza pamoja naye mpaka alipokuwa tayari.